Kumwita Mtu Kwenye Shughuli ya Kumpa Mtoto Jina

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Picha inayotajwa katika somo hili ni ile iliyobandikwa ubaoni darasani. Anayesikiliza nyumbani asihangaike, maana ataelezwa yote yaliyomo.

Twaeni madaftari na kalamu, lakini msiandike bado. Kwanza sikilizeni.

Leo tuna picha moja. Imepigwa kwa simu ya mkononi huko Kwamsisi, katika Wilaya ya Handeni. Wazee waliopata kuwa walimu wanaijua Kwamsisi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa sababu ya shule yake ya jamii, ambayo Chuo cha Ualimu cha Korogwe kilikuwa na mkono ndani yake. Lakini picha yetu si ya shule. Ni picha ya ua wa nyumba ya watu.

Katika picha hiyo tunaona nyumba ya bati, na mbele yake mwembe mkubwa. Chini ya mwembe limefungwa turubai la buluu. Chini ya turubai kuna viti vya plastiki vilivyopangwa, na upande mmoja imetandikwa mikeka. Kwenye njia ya kuingilia uani wamesimamisha miti miwili, wakaifunga makuti mabichi ya mnazi. Kanga zimetundikwa kwenye kamba kama pazia, kutenga upande wa wanawake. Nyuma ya nyumba panaonekana sufuria kubwa juu ya mafiga, na kuni zimerundikwa. Mbali kidogo, mbuzi wawili wamefungwa kwenye mpapai.

Picha hii ilipelekwa kwa simu siku ya Jumapili asubuhi kwa shangazi mmoja anayekaa Korogwe. Aliyeipeleka ni mtoto wa kaka yake, kijana aliyepata mtoto wake wa kwanza. Yeye alikuwa na furaha, mikono imejaa kazi, akaona picha inatosha. Hakuandika neno hata moja.

Sasa jiwekeni mahali pa shangazi yule. Amefungua simu, ameona ua wa nyumba aliyozaliwa, na katika ua ule turubai, viti, mikeka na sufuria kubwa. Je, kwetu sisi turubai hufungwa lini? Hufungwa kwa harusi. Hufungwa kwa maulidi. Na hufungwa kwa msiba. Shangazi alijua kwamba kaka yake hana afya njema tangu mwezi uliopita. Yale makuti na zile kanga hakuziona, kwa sababu jicho lilikwisha kushikwa na turubai. Alikaa chini, akaweka mikono kichwani, na majirani wakaanza kuja. Ilichukua karibu saa nzima mpaka jirani mmoja alipopata simu ya Kwamsisi, akaambiwa kuwa kaka ni mzima, na kwamba kesho yake mtoto anapewa jina.

Hapo ndipo linapoanza somo letu. Picha huonyesha, lakini haisemi ni nini, ni lini, wala ni nani anayeitwa. Kazi yetu leo ni kuitazama picha ile na kuandika maneno machache ambayo yangemfikia shangazi pamoja nayo, akajua la kufanya.

Mwanafunzi mmoja wa darasa la jioni alijaribu kwanza, na mwalimu wake ametuletea alichoandika. Aliandika hivi: “Kwa furaha kubwa isiyo na kifani, na kwa heshima na taadhima, familia yetu inapenda kukualika wewe ndugu, jamaa na rafiki ujumuike nasi katika hafla yetu adhimu itakayofana sana. Kufika kwako ndiko kufanikisha shughuli yetu. Karibu sana.”

Maneno haya si mabaya. Mengi yametoka kwenye kadi za harusi za mjini. Lakini mpeni shangazi yule ayasome, kisha mwulizeni: ni shughuli gani? Hajui. Ni siku gani? Hajui. Tena ameitwa “ndugu, jamaa na rafiki” kwa pamoja, kana kwamba mwandishi mwenyewe hana hakika anamwandikia nani. Shangazi hachangamkii barua ya namna hiyo. Uchangamfu wa mwaliko hutoka katika kumjua unayemwita na kumwonyesha kwamba nafasi yake ipo.

Basi tuanze na jina la shughuli. Katika upande huu wetu wa Handeni na Korogwe, Waislamu husema “akika” pale anapochinjwa mbuzi kwa ajili ya mtoto, na siku hiyo hiyo mtoto hunyolewa na jina lake hutajwa mbele ya watu. Iliyo sunna ni mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na mmoja kwa mtoto wa kike, ingawa asiye na uwezo anaweza kuchinja mmoja tu kwa mtoto wa kiume. Nywele zilizonyolewa hupimwa uzito, na thamani ya fedha yenye uzito huo hutolewa sadaka kwa maskini. Wengine husoma maulidi kabla ya chakula. Sasa mtazame tena picha: mbuzi ni wawili. Msomaji mwerevu atakisia kwamba mtoto ni wa kiume. Lakini ni kisio tu, maana mbuzi wa pili huenda ni wa kuongezea chakula. Mwandike wazi, msimwachie mgeni kazi ya kuhesabu mbuzi.

Ikiwa hakuna mbuzi wa akika, ila mnakusanyika kumpa mtoto jina na kunywa uji au chai, andikeni hivyo: “tunampa mtoto jina”. Msiandike akika kwa kuwa neno linapendeza. Mzee akisoma akika atakuja akijua kuna kuchinja na kuna kisomo, naye atavaa kanzu. Na kama ninyi ni Wakristo, na jina litatajwa siku ya ubatizo, andikeni ubatizo, na mseme ni kanisa gani na ibada ni saa ngapi, kwa sababu mgeni atakayekwenda nyumbani moja kwa moja atakuta mlango umefungwa.

Jambo la pili ni siku, na hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapopotezana.

Akika hufanywa siku ya saba. Kuhesabu siku saba ni jambo dogo, lakini tazameni. Mtoto wetu wa Kwamsisi alizaliwa Jumatatu tarehe 5 Oktoba, saa tatu usiku. Shemeji mmoja alihesabu kwa vidole: Jumatatu moja, Jumanne mbili, Jumatano tatu, Alhamisi nne, Ijumaa tano, Jumamosi sita, Jumapili saba. Akasema akika ni Jumapili tarehe 11. Babu akakataa. Kwa hesabu ya dini siku huanza jua linapotua, yaani magharibi. Mtoto aliyezaliwa Jumatatu saa tatu usiku alikwisha kuingia katika Jumanne. Basi Jumanne ni moja, Jumatano mbili, Alhamisi tatu, Ijumaa nne, Jumamosi tano, Jumapili sita, na Jumatatu tarehe 12 ndiyo saba. Babu alikuwa sawa. Lau mtoto angezaliwa Jumatatu hiyo hiyo saa tisa mchana, hesabu ya shemeji ingekuwa sawa.

Mnaona basi kwamba watu wawili wa nyumba moja wanaweza kutaja siku mbili mbalimbali, na kila mmoja akawa na sababu. Mgeni aliye mbali atajuaje? Kwa hiyo msiandike “siku ya saba” peke yake. Andikeni jina la siku na tarehe, vyote viwili: “Jumatatu, tarehe 12 Oktoba”. Mmoja akikosewa, mwingine utamsahihisha. Mtu akiandika kwa bahati mbaya “Jumatatu tarehe 11”, msomaji ataona kuwa havipatani, naye atauliza. Angeandika “tarehe 11” tu, asingejua kwamba pana kosa.

Mtego huo huo umo katika usiku. Mzee akisema “usiku wa Ijumaa”, mara nyingi ana maana ya usiku unaofuata Alhamisi, ule ambao kesho yake ni Ijumaa. Kijana akisema “usiku wa Ijumaa”, ana maana ya Ijumaa baada ya jua kutua. Kati yao pana siku nzima. Ikiwa shughuli yenu ni ya usiku, andikeni hivi: “Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa”. Hapo mzee na kijana watafika pamoja.

Na saa je? Simu zetu huandika saa kwa namna ya Kizungu. Simu ikionyesha 10:00 asubuhi, sisi twasema saa nne. Nimeona tangazo la shughuli lililoandikwa “saa 10:00”, bila neno la asubuhi wala jioni. Waliozoea hesabu ya ofisini walifika saa nne asubuhi. Wengine, tena wengi, walifika saa kumi jioni, wakakuta sufuria zinasuguliwa kwa majivu na mtoto amelala. Hakuna aliyewalaumu, maana walisoma kilichoandikwa. Basi andikeni saa kwa maneno, na baada yake andikeni wakati wa siku: “saa nne asubuhi”. Ni maneno matatu tu.

Sasa mahali. Mgeni wa kijiji hicho hahitaji kuelezwa nyumba. Lakini atokaye mbali anahitaji alama, na hapa picha inatusaidia kweli. Ni alama zipi katika picha zinazofaa? Turubai halifai, kwa sababu siku hiyo huenda jirani naye amefunga lake. Mwembe unafaa, kwani umesimama pale miaka mingi. Makuti langoni yanafaa pia, maana ndiyo yanayoitofautisha shughuli ya furaha na msiba, na anayepita njiani atayaona kabla hajafika kwenye turubai. Andikeni: “nyumba yenye mwembe mkubwa, na makuti mabichi langoni”.

Liko jambo moja ambalo afadhali lisiandikwe, nalo ni jina la mtoto. Wengi huuliza, “Tunamwalika mtu kwenye shughuli ya mtoto, tutaachaje kutaja jina lake?” Lakini jina ndilo hasa watu wanalokuja kulisikia. Tena mara nyingi jina ni la babu au bibi wa upande mmoja, na mpaka usiku wa mwisho wazee wa pande mbili huwa bado wanashauriana. Ukiliandika mapema, likabadilika, utakuwa umempa mtoto majina mawili kabla hajamaliza wiki, na umemuudhi mzee mmoja. Andikeni “mtoto wetu wa kiume” au “mtoto wetu wa kike”, inatosha.

Kuhusu michango, nitasema kwa ufupi. Kama ndugu mnachangiana mchele na mafuta, fanyeni kikao chenu au pelekeni ujumbe mwingine. Kuweka namba ya kupokelea fedha chini ya mwaliko wa akika kunamfanya mgeni ajione amepelekewa hati ya deni. Hayo ni maoni yangu, na najua wapo watakaobisha.

Haya, sasa tuandike. Tumwandikie shangazi yule wa Korogwe, Jumapili asubuhi, maneno ya kufuatana na picha. Nitasoma polepole. Mahali pa majina, ninyi wekeni majina yenu.

“Kwamsisi, Jumapili, tarehe 11 Oktoba.

Shangazi yetu mpendwa, shikamoo.

Habari hii ni ya furaha. Baba hajambo, na sisi sote ni wazima. Mke wangu amejifungua salama mtoto wa kiume, Jumatatu tarehe 5, saa tatu usiku.

Kesho Jumatatu, tarehe 12 Oktoba, saa nne asubuhi, tutamfanyia mtoto akika na kumpa jina, hapa nyumbani kwa baba.

Turubai unaloliona katika picha ni la shughuli hiyo. Tumelifunga chini ya mwembe ule ule uliokuwa ukitwangia mpunga ulipokuwa msichana. Makuti ya langoni wamefunga watoto tangu asubuhi, na wamekataa kusaidiwa. Nyuma ya kanga ni upande wa akina mama, na mkeka wa mbele ni wako, karibu na mama mzazi.

Maulidi yakiisha, mtoto atanyolewa na jina litatajwa. Tunataka wewe ndiwe umpakate wakati huo. Kisha tutakula, na kabla ya saa tisa mchana shughuli itakuwa imekwisha, ili wanaorudi mbali wasichelewe gari.

Ukiweza kuja leo jioni, kitanda kipo. Ukija kesho, piga simu ukishuka kwenye gari, kijana atakuja kukupokea. Tafadhali tujulishe leo kabla ya magharibi kama unakuja na watu wangapi.

Sisi wanao, ........ na ........”

Nitasoma tena mara ya pili baadaye. Kwanza tuyatazame maneno haya.

Mnaona kwamba baada ya salamu, maneno ya mwanzo kabisa ni “Habari hii ni ya furaha. Baba hajambo.” Kwa nini yametangulia hata mtoto? Kwa sababu mwandishi anajua shangazi ataiona picha kwanza, na anajua turubai litamshtua. Basi anamtuliza moyo kabla ya kumweleza lolote. Lau maneno haya yangefuatana na picha ile, majirani wasingekusanyika. Katika mwaliko mwingine, kwa mtu mwingine asiye na mgonjwa, sentensi hiyo huenda isihitajike.

Tena tazameni vile vitu vya picha vilivyotumika. Tumechukua vitano tu: turubai, mwembe, makuti, kanga na mkeka. Sufuria, kuni na mbuzi tumeviacha, ingawa vipo. Kila kimoja tulichokichukua kinamwambia shangazi jambo lake mwenyewe. Turubai linaelezwa ni la nini. Mwembe unamkumbusha kwamba hapa ni kwao. Makuti yanamwonyesha watoto wanaomngoja. Kanga na mkeka vinamwonyesha mahali atakapokaa. Kama tungeorodhesha kila kitu kilichomo, tungekuwa tunamweleza mambo anayoyaona kwa macho yake.

Sentensi ile ya mpunga haiwezi kupelekwa kwa mtu mwingine yeyote. Kama mnamwandikia mjomba wa upande wa mama mzazi, ambaye hakulelewa katika nyumba ile, ifuteni, mtafute neno lililo lake. Labda ndiye aliyemleta bibi arusi katika ua ule. Labda amekuja mara moja tu, naye anahitaji zaidi kuambiwa njia. Salamu nayo hubadilika. Shangazi na mjomba tunawapa shikamoo, lakini rafiki wa rika lako utamwandikia “hujambo”.

Na kwa nini tumeuliza idadi ya watu? Kwa ajili ya mchele. Kwa shughuli zetu kilo moja ya mchele hutosha watu wapatao sita au saba. Shangazi akija na watu wanane bila kusema, ni zaidi ya kilo moja ambayo haikununuliwa. Akisema leo, kijana atapita dukani jioni. Ndiyo maana tumempa muda, “kabla ya magharibi”, wala hatukusema tu “tujulishe”.

Mwishoni, jambo la kalamu. Wale mnaoandika kwa simu, chapeni maneno kwanza, myasome yote, kisha ndipo mwambatanishe picha na kupeleka vyote pamoja. Picha ikitangulia hata kwa dakika tano, wakati mwingine mtandao hukatika, na mgeni wenu hubaki na turubai tupu. Wale mnaoandika kwenye karatasi, acheni nafasi ya mstari mmoja kabla na baada ya sentensi yenye siku na saa, ili msomaji mwenye macho dhaifu aione upesi. Nanyi mnaompa mtu mwaliko aupeleke kwa mdomo, mfanyeni auseme mbele yenu kabla hajaondoka: siku, tarehe, saa, mahali.

Sasa kazi ya wiki hii. Mwalimu msaidizi atawaonyesha picha iliyo ubaoni. Kila mmoja aandike mwaliko kwa mtu mmoja anayemjua kwa jina, si shangazi wa Korogwe. Mtoto amezaliwa Alhamisi tarehe 15 Oktoba, saa kumi na mbili na nusu jioni, baada ya magharibi kuadhiniwa. Hesabuni wenyewe siku ya saba ni ipi na tarehe ngapi, mwandike na saa. Kisha mbadilishane madaftari. Anayesoma asimwulize mwandishi chochote. Aseme tu ameitwa kwenye nini, lini, wapi, na atakaa wapi akifika. Asiloweza kulisema, mwandishi arudi kuliandika.

Majibu ya hesabu tutayasoma mwanzoni mwa somo lijalo, ambalo litakuwa la kuandika barua ya shukrani kwa waliofika na kwa wale waliotuma salamu. Sasa shikeni kalamu. Nasoma mwaliko wetu mara ya pili.